Dadangu kapewa asilimia 14.5, mimi 19: benki ile ile, pesa zile zile

*Shikamoo mshauri. Nauza viatu vya mitumba Kongowea, huu ni mwaka wa saba. Dadangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya upili, mwajiriwa wa TSC. Tulikwenda benki moja, tawi moja, wiki moja, kila mmoja akaomba shilingi 300,000 za kulipa kwa miaka mitatu. Yeye alipewa riba ya asilimia 14.5. Mimi nikaambiwa 19. Nilipouliza sababu, kijana wa mikopo alisema tu "ni mfumo ulivyokokotoa."*

*Mimi msimu ukiwa mzuri naingiza pesa kumshinda dadangu. Isitoshe nina stoo ya mali, yeye hana. Kosa ninalolijua ni moja: mwaka 2023 nilichelewa miezi minne kulipa mkopo wa benki niliochukua kwa simu, shilingi 4,500, ila niliulipa wote. Wateja wangu hulipa taslimu, wengine hunitumia kwenye laini yangu ya kawaida. Je, huu si ubaguzi? Na dadangu anasema atachukua mkopo mwingine kwa jina lake anipe, mimi niwe namrudishia kila mwezi. Nikubali?*

*– Mama Viatu, Mombasa*

Marahaba, Mama Viatu.

Huyo kijana alikujibu ovyo. "Mfumo" haukuokota 19 hewani. Una vipande vyake, na wewe kama mteja una haki ya kuonyeshwa kipande kimoja kimoja. Tangu Desemba 2025, mikopo mipya ya shilingi yenye riba ya kupanda na kushuka imepangiwa na Benki Kuu ya Kenya muundo mmoja. Chini kabisa kuna msingi unaoitwa KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hutozana zenyewe zinapokopeshana kwa usiku mmoja. Juu ya msingi huo benki huongeza nyongeza yake, inayoandikwa kwa herufi K. Ndani ya K mna gharama za benki za kuendesha mikopo, faida ya wenye hisa, na kile inachokadiria kupoteza kwa mteja wa aina yako. Ada nyingine huja kando.

Msingi ni mmoja kwako na kwa dadako. Tuseme ni asilimia 9, ili hesabu iwe nyepesi. Basi K yake ni 5.5 na yako ni 10. Msingi ukipanda kesho, nyote wawili mtapanda. Ukishuka, mtashuka pamoja. Pengo la 4.5 liko ndani ya K peke yake, na ndilo la kushughulikia.

Kwanza tujue pengo hilo lina uzito gani mfukoni, maana asilimia hutisha watu au huwapumbaza. Kwa 14.5, mkopo wa 300,000 kwa miezi 36, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, dadako atalipa kama shilingi 10,330 kwa mwezi. Wewe kwa 19 utalipa kama 11,000. Tofauti ni shilingi 670 hivi kwa mwezi, na kwa miaka mitatu inafika karibu 24,000. Si pesa ya kupuuza, ni marobota kadhaa ya bei ndogo. Lakini kumbuka hiyo 24,000, tutairudia tukifika kwa ombi la dadako.

Sasa ndani ya K. Benki haikujui wewe. Inajua kundi inalokuweka. Chukua wafanyabiashara 100 wanaofanana nawe machoni pa benki, kila mmoja amekopa 300,000. Jumla ni shilingi milioni 30. Nambari ninazotoa hapa ni za mfano tu, kila benki ina zake na hazianiki hadharani. Tuseme kwa mwaka sita kati ya mia wanashindwa kulipa, na benki ikihangaika na dhamana na madalali inaokoa nusu. Imepoteza 900,000, sawa na asilimia 3 ya pesa yote iliyotoa. Pesa hiyo haitoki kwa wale sita, wameshaanguka. Inatoka kwa wale 94 waliobaki, ndiyo maana wewe unayelipa vizuri unabeba mzigo wa jirani usiyemjua.

Kwa walimu wa TSC, tuseme anayeshindwa ni mmoja kati ya mia, na benki inaokoa nusu vilevile. Hasara ni 150,000, yaani nusu asilimia. Kwa hiyo kati ya pengo lenu la 4.5, kama 2.5 limeshaelezeka hapo.

Kwa nini mwalimu aanguke mmoja na mfanyabiashara sita? Si kwamba walimu ni waaminifu kuliko wachuuzi. Mkopo wa dadako hukatwa na mwajiri kabla mshahara haujagusa akaunti yake. Hata akikasirikia benki, hata akisahau, hata mtoto akiugua mwezi huo, makato yanakwenda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo benki inajua pia mwisho wa deni analoweza kubebeshwa kwenye hati yake ya mshahara. Wewe, kinyume chake, lazima kila mwezi uamue kulipa. Mwezi mzigo ukichelewa bandarini, mvua ikanyesha wiki tatu na karo ikawa mlangoni, uamuzi huo unakuwa mgumu hata kwa mtu mwenye nia njema. Benki inalipia tofauti hiyo: pesa inayokuja yenyewe, na pesa inayosubiri mkono wa mtu.

Ndiyo maana hoja yako ya kuingiza pesa kumshinda dadako haikukusaidia. Benki haiangalii mwezi wako bora. Inaangalia mwezi wako mbaya kuliko yote.

Yamebaki mawili katika pengo. Moja ni gharama ya kazi. Faili ya mwalimu hupita haraka: hati ya mshahara, barua ya mwajiri, basi. Yako inamtaka afisa aje Kongowea, ahesabu mali, aulize majirani, arudi kuandika ripoti, kisha akupigie simu kila tarehe ya malipo ikikaribia. Mkopo ungekuwa wa milioni 10, gharama hiyo ingemezwa. Kwa 300,000 inaonekana.

La mwisho ndilo linaloniudhi, na ndilo lenye tumaini kwako. Ni bei ya kutoonekana. Wewe una miaka saba ya biashara, lakini benki ikifungua rekodi zako inaona nini? Taslimu haiachi alama. Pesa zinazoingia laini yako ya kawaida zimechanganyika na za chama, za shangazi, za nauli ya mtoto. Hakuna afisa anayeweza kusema ipi ni mauzo. Kwa hiyo mfumo ukakuweka pamoja na watu waliofungua kibanda mwaka jana. Pale ambapo haijui, benki haisemi "labda ni mzuri." Inaongeza.

Halafu kuna ule mkopo wa 4,500. Ukipitisha siku 90 bila kulipa, mkopo huhesabiwa kuwa mbovu, na benki huripoti kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, yale tunayoyaita CRB. Kenya kuna matatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Udogo wa deni haukukinga, kwa sababu kanuni za mwaka 2020 zilisamehe yale yasiyofika shilingi 1,000 tu, nawe ulivuka. Kulipa ulilipa, lakini alama ya kuchelewa hukaa miaka mitano tangu siku ya kumaliza deni. Haikunyimi mkopo, kama ulivyoona. Inakupandisha bei. Wengi hudhani CRB ni mlango, ama uko ndani ama uko nje. Siku hizi benki nyingi huichukulia kama ngazi. Metropol, kwa mfano, humpa mtu alama kati ya 200 na 900, na kila hatua inaweza kuwa na bei yake.

Umeniuliza kama ni ubaguzi. Kama ungeambiwa 19 kwa sababu ya kabila lako, dini yako au kwa kuwa wewe ni mwanamke, ungekuwa ubaguzi, na Katiba kifungu cha 27 kinaukataza. Kutofautisha bei kwa hatari ya kutolipwa ni jambo jingine, na limeruhusiwa. Tena tuliwahi kujaribu kinyume chake. Kuanzia Septemba 2016 sheria iliweka dari: hakuna benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Sote tulishangilia. Lakini dari lilipokuwa asilimia 14 hivi, benki ikikadiria kwamba mchuuzi inapaswa kumtoza 19, haikumpa kwa 14. Haikumpa kabisa. Ikawapelekea wenye mishahara na kununua hati za serikali. Wafanyabiashara wadogo wakaishia kwenye mikopo ya simu yenye gharama zaidi ya hiyo. Bunge liliondoa dari hilo Novemba 2019. Sisemi hivi kuitetea benki; nasema kwamba mshindani wa 19 yako pengine si 14.5, ni "pole mama, hukufuzu."

Lakini usichukue 19 kama amri. Rudi tawini, usiende kwa yule kijana, mwombe meneja wa mikopo akuandikie mambo matatu: msingi ni ngapi, K yako ni ngapi, na ada zote ni ngapi. Benki zinatakiwa kutangaza wastani wa riba na K zake, kwa hiyo unaweza kuona kama umewekwa karibu na wastani au juu yake. Wakikataa kukueleza, andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, na yasipojibiwa, peleka Benki Kuu.

Muulize pia swali hili, ambalo hata dadako alipaswa kuuliza: katika hizo 300,000, ni ngapi zitaingia kwenye akaunti yangu? Ada ya kuandaa mkopo ikiwa asilimia 3, shilingi 9,000 zinakatwa kabla hujaziona, na bima kando, huku riba ikitozwa kwenye 300,000 nzima. Na ukienda kutafuta kwingine, jihadhari na atakayekuambia "kwetu ni asilimia 10 tu." Uliza kama ni kwenye salio linalopungua. Kama ni riba ya flati, utatozwa 30,000 kila mwaka kwenye deni lote hata ukiwa umeshalipa zaidi ya nusu. Jumla utarudisha 390,000. Ukiipima kwa kipimo cha benki yako, hiyo ni kama asilimia 18. Utakuwa umekimbia 19 ukaangukia jirani yake.

Kuhusu kupunguza K yako, kuna mambo ya wiki hii na mambo ya miezi.

Wiki hii, chukua ripoti yako ya CRB. Kila shirika linakupa nakala moja bure kwa mwaka, na mashirika hayo yanaweza kuwa na taarifa tofauti, kwa hiyo chukua zote tatu. Tazama ule mkopo wa 2023. Ukisomeka kuwa umelipwa kwa kuchelewa, ni kweli, kaa nao. Ukisomeka kuwa bado unadaiwa, jambo ambalo hutokea mkopeshaji anapozembea kupeleka taarifa mpya, basi umekuwa ukipimwa kama mdaiwa sugu. Peleka risiti ya malipo na malalamiko ya maandishi kwa shirika hilo ili lichunguze na kusahihisha, kisha urudi benki na ripoti mpya upimwe upya. Kati ya yote ninayokueleza, hili likiwa na kosa ndilo linaloweza kushusha bei yako haraka kuliko mengine.

Stoo yako nayo isikae bure. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mali ya biashara, vifaa na hata madeni unayowadai wateja yanaweza kusajiliwa kuwa dhamana kwenye sajili ya kielektroniki. Je, uliomba mkopo ukaweka mali hiyo, au uliitaja tu kwa mdomo? Mali iliyotajwa haihesabiwi. Lakini nisikudanganye: viatu vya mitumba ni dhamana dhaifu. Ukishindwa kulipa, yaelekea stoo itakuwa imeshabaki na vile vilivyokataliwa na wateja, na dalali atauza kwa bei ya kutupa. Benki itavipa thamani ndogo. Mtu mwenye cherehani za umeme au friji kubwa za samaki angepata nafuu zaidi yako hapa.

La miezi ni kuonekana. Fungua tili ya biashara kwa jina la duka, pesa zishuke kwenye akaunti ya benki hiyo hiyo, na mauzo ya taslimu uyaweke benki mara mbili kwa wiki, hata yakiwa madogo. Usichanganye na pesa za nyumbani. Miezi sita hivi inatosha kuanza mazungumzo, mwaka ni bora kwa sababu unaonyesha Januari yako pia, na Januari ndiyo benki inataka kuiona. Wakati huo usiguse mikopo ya simu ya kuziba pengo la siku mbili tatu. Kila mmoja huacha alama, na afisa akiona kumi ndani ya mwaka mmoja anasoma kwamba biashara haijiwezi hata ukiwa umelipa yote kwa wakati.

Usisahau SACCO. Huko wanachama wawili wakiomba kiasi kimoja cha mkopo wa aina moja hulipa riba moja, mara nyingi asilimia 12 kwa mwaka kwenye salio. Watu husema ni kwa sababu ya utu. Ni kwa sababu hatari imehamishiwa kwa wengine: mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba zako, na kilichobaki kimeshikwa na wadhamini, ambao akiba zao zitakatwa ukianguka. Ukiwa na akiba ya 100,000 na watu wa kukudhamini, hapo ndipo pa kwenda kwanza, kabla ya hii benki.

Sasa dadako. Nia yake ni njema, lakini mimi ningekataa. Pengo lote tulilolihesabu ni 24,000 kwa miaka mitatu. Kwa pesa hiyo, dada anajaza nafasi ya makato kwenye mshahara wake, ambao tayari umebeba mkopo wake wa kwanza. Akihitaji karo au matibabu mwaka ujao, hana pa kukopa, hata kama inaruhusiwa akope wa pili. Biashara yako ikiyumba, hakuna mazungumzo na benki ya kupanga upya, maana benki haikujui. Mshahara wake unakatwa tu kila mwezi na nyinyi wawili mnaanza kununiana. Bima ya mkopo itakuwa juu ya uhai wake, wewe ukifariki deni linabaki kwake. Na kuna hasara nyingine isiyosemwa: utalipa miezi 36 bila kukosa, na heshima yote ya malipo hayo itaandikwa kwenye rekodi yake. Mwaka wa nne utarudi benki ukiwa mgeni yule yule wa asilimia 19.

Akitaka kukusaidia, awe mdhamini wako. Hapo malipo yanaandikwa kwa jina lako, na benki huenda ikakushushia K kwa sababu kuna mshahara nyuma yako. Lakini ajue anachotia saini, kwa sababu ukianguka ataitwa.

Kama mzigo unahitajika kabla ya Desemba na huwezi kusubiri, chukua hiyo 19, ila chukua pungufu, kiasi cha robota utakazouza msimu huu, na kwa muda mfupi. Kama utachukua 300,000 zote ukipanga kurudi baada ya mwaka kuomba bei nafuu, soma kwanza kifungu cha kulipa mapema kabla hujasaini. Baada ya miezi 12 utakuwa unadaiwa kama 218,000. Benki nyingine ikikuchukua kwa asilimia 16, utaokoa kama shilingi 315 kwa mwezi, yaani karibu 7,600 kwa miezi 24 iliyobaki. Lakini benki ya kwanza ikikutoza asilimia 3 ya salio kwa kuondoka mapema, hiyo ni zaidi ya 6,500, na benki mpya nayo itataka ada yake ya kuandaa mkopo. Hapo utakuwa umehama kwa hasara. Kwa hiyo omba kifungu hicho kifutwe au kipunguzwe sasa, wakati bado wanataka saini yako.